Kuingia kwenye laptopu kwa kidole au uso: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi laptopu za Windows zenye huduma ya kuingia iitwayo Windows Hello. Mac na Linux zinatajwa pale tu zinapofanya mambo kwa namna nyingine.

Kisomaji kinaona nini kwenye kidole changu?

Visomaji vingi vya laptopu havipigi picha ya kidole kwa mwanga. Chini ya kile kibati kidogo kuna maelfu ya vipande vidogo vya chuma, na kila kimoja hupima chaji ya umeme juu yake. Mistari ya ngozi iliyoinuka hugusa uso wa kisomaji, na mabonde yaliyo katikati yake huacha upenyo wa hewa. Tofauti hiyo hubadilisha kipimo cha chaji, na kutokana na vipimo vyote hivyo hupatikana ramani ya mistari yako.

Kisomaji ni kidogo kuliko ncha ya kidole, kwa hiyo mguso mmoja huonyesha kipande tu. Ndiyo maana wakati wa kusajili unaambiwa uguse, uinue, uguse tena mara nyingi: kompyuta inaunganisha vipande. Anayegusa katikati tu mara zote husajili kipande kile kile, halafu hushangaa kidole kinapokataliwa siku anapokiweka kwa pembeni. Ukifika hatua ya kusajili kingo, kizungushe kidole kweli: upande wa kushoto, wa kulia, ncha, na sehemu iliyo karibu na kifundo cha kwanza.

Kwa nini kidole kinakubaliwa asubuhi na kukataliwa jioni?

Maji na jasho hujaza mabonde, na kisomaji huona bapa moja lisilo na mistari. Ngozi kavu sana hufanya kinyume chake: mistari haigusi vizuri na ramani hutoka ikiwa imekatikakatika. Wanaoshika saruji, chokaa au sabuni kali kila siku wana tatizo zito zaidi, kwa sababu mistari yenyewe imelika. Kufuta kisomaji hakutawasaidia. Wasajili kidole kisichofanya kazi nzito, mara nyingi kidole cha pete cha mkono wasioutumia sana.

Rangi ya hina si kikwazo, kwa kuwa kisomaji cha chaji hakiangalii rangi. Kinachoweza kusumbua ni mabaki ya hina yaliyoganda juu ya ngozi na kufunika mistari. Yakishatoka, mistari inasomeka.

Kama kisomaji hakijibu kabisa laptopu inapoamka kutoka usingizini, tatizo huenda si kidole. Fungua `Device Manager`, kisha `Biometric devices`, bofya kisomaji mara mbili, na kwenye `Power Management` ondoa alama kwenye `Allow the computer to turn off this device to save power`. Si kila laptopu ina ukurasa huo. Isipokuwapo, washa upya huduma ya kibayometriki kwa kufungua PowerShell kama msimamizi na kuandika:

```
Restart-Service WbioSrvc
```

Kwa nini kamera yangu nzuri haikubaliwi kwa kuingia kwa uso?

Kwa sababu Windows Hello haitegemei picha ya rangi. Inataka kamera ya infraredi, yaani kamera inayoona mwanga ambao jicho la binadamu halioni, pamoja na taa yake ndogo inayomulika uso kwa mwanga huo huo. Kamera ya kawaida inaweza kuwa na ubora mkubwa wa picha na bado ikakosa kitu hicho kimoja.

Infraredi ilichaguliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanga wa chumba, wa jua la dirishani au wa balbu ya njano hauivurugi sana, maana laptopu inajimulikia yenyewe. Ya pili ni kwamba picha ya mtu kwenye simu au kompyuta nyingine haionekani: skrini hutoa mwanga unaoonwa na macho, na kwa kamera ya infraredi huwa giza tupu. Mtu hawezi kufungua laptopu yako kwa kuionyesha picha yako ya mtandaoni kwenye simu.

Je, hufanya kazi vizuri kwa ngozi nyeusi sana?

Swali hili ni la haki, kwa sababu mifumo mingi ya kutambua uso kwa picha za rangi imekuwa ikikosea zaidi kwa watu weusi. Katika infraredi hali ni nafuu. Melanini hunyonya mwanga unaoonekana kwa nguvu, lakini kadiri mwanga unavyoingia kwenye infraredi ndivyo inavyounyonya kidogo, na tofauti kati ya ngozi nyeusi na nyeupe hupungua sana. Kinachokwamisha zaidi ni jua kali linalopiga usoni moja kwa moja, kwani jua lenyewe limejaa infraredi na huizidi nguvu taa ya laptopu. Miwani ya jua, barakoa na nikabu pia hukwamisha. Hijabu inayoacha uso wazi haina tatizo, ila isifungwe chini zaidi kwenye paji la uso kuliko ilivyokuwa siku ya kusajili. Ukibadilisha mtindo wa kuifunga au ukianza kuvaa miwani, tumia kitufe cha `Improve recognition` badala ya kufuta na kuanza upya.

Zamani iliniingiza hata gizani, sasa haikubali. Imeharibika?

Haijaharibika. Sasisho la Windows la Aprili 2025 lilibadilisha utaratibu: kamera ya rangi nayo lazima ione uso kabla ya kukubali. Umeme ukikatika na chumba kikawa giza, infraredi inakuona lakini kamera ya rangi haikuoni, hivyo utaombwa PIN. Mabadiliko hayo yalifanywa kuziba udhaifu uliosajiliwa kama CVE-2025-26644, na si busara kuyakwepa kwa kuzima kamera ya rangi kwenye `Device Manager`, ingawa utaona watu wakishauri hivyo.

Alama yangu inatumwa wapi? Ni kama ile ya kusajili laini ya simu?

Ni mambo mawili tofauti. Unapoweka kidole kwa wakala ili usajili laini Tanzania, alama yako inalinganishwa na kumbukumbu za NIDA zilizoko kwingine, na swali linaloulizwa ni kama wewe ndiye mwenye namba ile ya kitambulisho. Kwenye laptopu, ulinganisho unafanyika ndani ya mashine, na swali ni dogo zaidi: je, kidole hiki ndicho kilichosajiliwa hapa? Windows haitumi alama wala uso kwa Microsoft, hata ukiwa unatumia akaunti ya Microsoft. Ukisajili kidole kwenye laptopu mbili, lazima usajili mara mbili, kwa sababu hazipashani chochote.

Kinachohifadhiwa ni kiolezo, yaani vipimo vya mistari au vya uso, si picha yenyewe. Katika visomaji vya aina moja kiolezo hukaa kwenye diski na Windows ndiyo inayolinganisha. Katika aina nyingine chipu ya kisomaji huhifadhi na kulinganisha yenyewe, kisha huiambia Windows jibu tu. Kumbuka aina hii ya pili, tutairudia.

Kidole kikikubaliwa, kimechukua nafasi ya nenosiri langu?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoelewa vibaya. Kidole hakigeuzwi kuwa nenosiri wala ufunguo. Ndani ya laptopu kuna chipu ya usalama iitwayo TPM, inayotunza ufunguo wa siri wa akaunti yako. Kisomaji kikisema "ndiye", Windows huiomba TPM iutumie ufunguo huo. Usalama wote wa kidole umebebwa na neno hilo moja, "ndiye". Yeyote anayeweza kulitamka kwa niaba ya kisomaji, na Windows ikamwamini, ameingia bila kuhitaji kidole chako.

PIN nayo hufungua ufunguo ule ule, na Windows haikuruhusu kusajili kidole au uso bila kwanza kuweka PIN. Kwa hiyo mlango una funguo mbili daima, na mvamizi atachagua ulio dhaifu zaidi.

Kuna uwezekano gani kidole cha mtu mwingine kifanane na changu?

Microsoft inawataka watengenezaji wa visomaji wasizidi kosa la 0.002%, sawa na mgeni mmoja kati ya 50,000. Apple inataja kiwango hicho hicho cha 1 kwa 50,000 kwa Touch ID. Kwa uso, kiwango cha Microsoft ni chini ya 0.001%. Namba hizi ni za mtu wa kukutana naye tu: pacha au ndugu wa kufanana nawe sana si mtu wa namna hiyo, na kwa uso yeye ana nafasi kubwa kuliko mgeni. Pia namba ya kidole ni ya kidole kimoja. Ukisajili vitano, umempa mgeni nafasi takribani mara tano.

Kidole bandia ni suala jingine. Mwaka 2013, siku chache baada ya iPhone 5s kutoka, kundi la Kijerumani la Chaos Computer Club lilifungua Touch ID kwa alama iliyopigwa picha juu ya kioo na kutengenezewa kidole bandia. Mwaka 2020 watafiti wa Cisco Talos walijaribu vidole vya kumiminwa kwenye kalibu zilizochapwa kwa printa ya 3D: vilifungua vifaa vingi, ikiwemo MacBook Pro, lakini vikashindwa kwenye laptopu zote za Windows walizozijaribu. Matokeo hayo yanatia moyo, ila hayathibitishi kuwa haiwezekani. Na hakuna kidole bandia kinachohitajika kama mwenyewe umelala fofofo na mkono wako unafikika.

Nilisikia visomaji vya Windows vilivunjwa mwaka 2023. Ilikuwaje?

Tukio hili linastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu linaonyesha pale usalama unapoishia. Microsoft yenyewe iliwaomba watafiti wa Blackwing Intelligence wapime visomaji vya laptopu tatu: Dell Inspiron 15, Lenovo ThinkPad T14 na Microsoft Surface Pro X. Zote zilikuwa na visomaji vinavyolinganisha ndani ya chipu. Zote tatu zilifunguliwa, na hakuna iliyofunguliwa kwa kidole bandia.

Microsoft ilikuwa imeshabuni njia ya kulinda lile neno "ndiye" linaposafiri kutoka kisomaji hadi Windows. Njia hiyo huitwa SDCP: kisomaji huthibitisha kwa ufunguo wa siri kwamba ni chenyewe na kwamba jibu halikuchezewa njiani. Kwenye Surface, SDCP haikuwepo kabisa na mazungumzo yalipita kwenye USB bila kufichwa. Watafiti walichomeka kifaa chao cha USB kilichojitambulisha kwa namba za kisomaji halisi, kikasema "ndiye", na Windows ikafunguka. Kwenye ThinkPad, SDCP ilikuwa imezimwa na mahali pake pamewekwa njia ya mtengenezaji, ambayo ufunguo wake ulitokana na jina la bidhaa na namba ya mashine, vitu vinavyosomeka.

Dell ndiyo yenye funzo zaidi, kwa sababu SDCP ilikuwa imewashwa na inafanya kazi. Chipu yake ilikuwa na hifadhi mbili za alama, moja ya Windows na moja ya Linux. Mvamizi aliwasha laptopu kwa Linux na kutazama namba ya kitambulisho ambayo Windows ilimpa mwenye laptopu. Halafu akasajili kidole chake mwenyewe, kwa namba ile ile, kwenye hifadhi ya Linux. Akaweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 kati ya kisomaji na laptopu, akawasha Windows. Windows inapoamka humtumia kisomaji ujumbe wa kuandaa kazi, na ujumbe huo ndio unaotaja hifadhi ipi itumike. Ujumbe huo haukulindwa na SDCP. Raspberry Pi ikaubadilisha njiani: tumia hifadhi ya Linux. Mvamizi akaweka kidole chake, kisomaji kikajibu kwa uaminifu kabisa kwamba kidole ni cha namba ile, SDCP ikalinda jibu hilo barabara, na Windows ikamwingiza kama mwenye laptopu.

Yaani kufuli lilikuwa zima. Kilichobadilishwa ni daftari la wenye ruhusa. Angalia pia alichohitaji mvamizi: kuishika laptopu mkononi, muda wa kutosha, na uwezo wa kuiwasha kwa mfumo mwingine. Nenosiri la BIOS, yaani programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, pamoja na kuzuia kuwasha kwa USB vingemkatia hatua ya kusajili kidole. Hatua hizo mbili hazikugharimu kitu.

Na kuingia kwa uso kumewahi kuvunjwa?

Ndiyo, kwa mantiki ile ile. Mwaka 2021 watafiti wa CyberArk walionyesha kwamba kifaa cha USB kinachojifanya kamera kingeweza kuipa Windows picha moja ya infraredi ya mwenye laptopu na ikakubali. Microsoft iliziba udhaifu huo, CVE-2021-34466, Julai mwaka huo. Mwaka 2025, kwenye mkutano wa Black Hat, watafiti wa Kijerumani walionyesha kwamba mtu mwenye mamlaka ya msimamizi kwenye mashine anaweza kuingiza kiolezo cha uso wake mahali pa kiolezo cha mtumiaji mwingine. Hili la mwisho linawahusu sana wanaogawana kompyuta ofisini: msimamizi wa mashine si mtu wa nje, na kidole au uso wako haukulindi dhidi yake.

Nitajuaje kama laptopu yangu ina ulinzi bora zaidi?

Ulinzi huo huitwa Enhanced Sign-in Security. Hutenga violezo na ulinganisho kwenye sehemu ya kumbukumbu ambayo hata msimamizi wa Windows haifikii, na hukubali tu visomaji na kamera zilizothibitishwa. Kwenye Windows 11 fungua `Settings`, `Accounts`, `Sign-in options`, kisha tazama sehemu ya `Additional settings`. Ukiona swichi ya `Sign in with an external camera or fingerprint reader`, mashine yako ina uwezo huo, na ikiwa swichi imezimwa basi ulinzi unafanya kazi. Isipoonekana, mara nyingi mashine haina vipande vinavyohitajika, na hakuna programu ya kupakua itakayouleta. Anayenunua kisomaji cha USB cha bei nafuu na kuwasha swichi hiyo ili kikubaliwe ajue ameuzima ulinzi huo.

Laptopu ikiibiwa, mwizi anaweza kufanya nini?

Mwizi wa kawaida hatahangaika na kidole. Ana njia mbili rahisi zaidi.

Ya kwanza ni PIN. TPM inayosimamiwa na Windows huruhusu makosa 32, kisha hufunga na kusamehe kosa moja kila dakika 10. Hesabu yake ni hii: PIN ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Baada ya majaribio 32 ya mwanzo, mwizi anapata majaribio 144 kwa siku, kwa hiyo kumaliza yote kutamchukua kama siku 69. Lakini ukiwa umeweka mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mtoto, kuna miaka kama 100 tu ya kujaribu. Ataitumia ile 32 ya kwanza, na 68 iliyobaki itamalizika kwa saa zipatazo kumi na moja. Weka tarakimu nane zisizo na maana, au weka alama kwenye `Include letters and symbols` utumie herufi. PIN ndefu haikuchoshi, maana siku nyingi unatumia kidole.

Njia ya pili haihitaji PIN wala kidole. Anatoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma kila kitu. Kuingia kwa kidole hakufichi faili hata moja. Kazi hiyo ni ya usimbaji wa diski, BitLocker au `Device encryption`. Hakikisha kwa kuandika hivi kwenye dirisha la amri la msimamizi:

```
manage-bde -status C:
```

Unataka kuona `Protection On`. Ukiona `Protection Off`, kidole chako kinalinda skrini tu.

Hata usimbaji ukiwa umewashwa, jua jambo hili: Windows huifungua diski mapema, laptopu inapowaka, kwa ufunguo unaotolewa na TPM, kabla kidole hakijaguswa. Ndiyo maana kidole kinakubaliwa hata baada ya kuwasha upya. Mac hufanya kinyume: ikizimwa na kuwashwa hukataa kidole mpaka uandike nenosiri, kwa sababu nenosiri lenyewe linahusika kufungua diski. Hukataa pia baada ya makosa matano ya kidole, au ikipita saa 48 bila kufunguliwa. Mwenye kazi nyeti kwenye Windows Pro anaweza kupata nguvu inayokaribiana na hiyo kwa kuwasha PIN ya BitLocker inayoombwa kabla Windows haijaanza.

Fundi amebadilisha mazabodi na sasa kidole wala PIN haikubali. Faili zangu zimepotea?

Hazijapotea kwa sababu hiyo. Ufunguo ulikuwa ndani ya TPM ya mazabodi ya zamani, na mpya haiujui. BitLocker itaomba ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Kwa akaunti ya Microsoft hupatikana kwenye `aka.ms/myrecoverykey` kutoka kifaa kingine. Ukishaingia kwa nenosiri la akaunti, weka PIN mpya na usajili vidole upya. Ufunguo huo uandike kwenye karatasi kabla ya kupeleka mashine kwa fundi, kwa sababu ukikosekana baada ya hapo hakuna fundi wala kampuni itakayofungua diski hiyo.

Nimenunua laptopu iliyotumika, na Windows inasema kidole changu kimeshasajiliwa kwenye akaunti nyingine. Inawezekanaje?

Ujumbe huo, `That fingerprint has already been set up on another account`, hutokea mara nyingi baada ya Windows kusakinishwa upya kwenye mashine yenye kisomaji kinachohifadhi violezo ndani ya chipu. Diski imefutwa, chipu haikufutwa. Kama ulishasajili kidole kabla ya kusakinisha upya, kinachokuzuia ni alama yako mwenyewe ya mwanzo. Na alama za mwenye laptopu wa zamani zinaweza kuwa bado zimo.

Kwenye ThinkPad ingia BIOS kwa `F1`, nenda `Security`, `Fingerprint`, kisha `Reset Fingerprint Data`. Kwa mashine nyingine tafuta chaguo kama hilo kwenye BIOS. Ukiwa wewe ndiye unayeuza, ondoa vidole kwenye `Sign-in options` kwanza, futa chipu kwenye BIOS, halafu ndipo ufute diski. Ukianza na diski, hatua ya kwanza huwezi kuirudia.

Linux je?

Kisomaji kikiungwa mkono, utasajili kwa `fprintd-enroll` na kujaribu kwa `fprintd-verify`. Usishangae ukiingia kwa kidole halafu ukaombwa nenosiri papo hapo ili kufungua hifadhi ya manenosiri. Hifadhi hiyo imesimbwa kwa nenosiri lako, na kidole, kama ilivyoelezwa, hakitoi ufunguo wowote wa kuifungua.